Shangazi ndani ya dakika moja

Siku niliyompeleka shangazi yangu mjini kujiona kwenye video ya makumbusho, alisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyepata kumuona akisimama pale. Video ilikuwa ya dakika saba. Aliitazama yote, mikono kaifumbata ndani ya kanga yake, bila kusema neno. Pembeni yake watu walikuwa wakiingia na kutoka. Akaja mama mmoja wa makamo, akatazama kidogo, akasema "masikini," akaenda zake. Wakaja watoto wa skuli, mmoja akaziba pua na kuwaambia wenzake, "Anachimba uchafu." Wakacheka, wakahamia chumba cha pili.

Shangazi hakusema kitu mpaka tulipokuwa kwenye gari tunarudi Tunguu, kwangu, ambako angelala kabla ya kuendelea na safari yake ya Bwejuu. Tulipopita Mwera ndipo aliponigeukia.

"Mwanangu, mimi si nilikwambia habari ya skuli yako mwanzo kabisa? Mbona umeitia mwishoni, watu washaondoka?"

Sikuwa na jibu. Skripti ya video ile niliiandika mimi. Mpiga picha alipiga nilichomuomba, mhariri akaunganisha kama nilivyopanga, na makumbusho wakaiweka ukutani kama tulivyowapa. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na leo nataka kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu lilikuwa kosa gani na nililirekebisha vipi. Siku hizi wengi wetu tunawarekodi wazee wetu kwa simu, na nadhani wapo watakaoniona nikianguka pale pale walipoanguka wao.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Shangazi ni mtu wa makumbi. Wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Jambiani na Paje mpaka Bwejuu na kwengineko, wanaijua kazi hii tangu kwa bibi zao. Nazi inapofuliwa, yale maganda ya nje hayatupwi. Hubebwa hadi pwani, maji yakitoka huchimbiwa shimo kwenye mchanga wa tope, hufukiwa humo na kugandamizwa kwa mawe ili bahari isiyachukue. Hukaa miezi kadhaa. Ya shangazi hukaa sita. Maji ya chumvi huingia na kutoka, na vijidudu hula ile nyama laini inayozishika nyuzi. Kisha hufukuliwa, huoshwa, hupigwa kwa gongo mpaka unga wote utoke na ubaki usumba mtupu, na usumba ndio unaosokotwa kamba. Mwani ulipoanza kulimwa kule Paje na Jambiani mwaka 1989, wanawake wengi waliiacha kamba wakaenda kwenye mwani. Shangazi alijaribu vyote viwili, akabaki na makumbi.

Kwa kamba hizo aliwasomesha watoto wanne, na wa nne ni mimi, mtoto wa kaka yake. Skuli ilikuwa bure, lakini sare haikuwa bure, wala madaftari, wala nauli ya gari nilipofika madarasa ya juu. Kwa hiyo makumbusho waliponiomba skripti ya video fupi ya kuwekwa karibu na bunda la kamba na gongo la kupigia makumbi, nilijua nitamtia nani. Niliiandika kama ninavyoandika michezo ya redio, maana ndiyo kazi niliyoizoea. Mwanzo jina la video, bahari alfajiri, mwanamke anatembea. Katikati dakika tatu nzima za kazi: tope, mawe, harufu, gongo. Halafu kusokota. Na katika dakika ya sita, msikilizaji akishaingiwa na huruma, shangazi anakaa barazani na kusema kwamba kamba zile zimesomesha watoto. Baada yake sekunde arobaini za majina ya walioshiriki.

Kwenye redio ingefaa. Mtu anayesikiliza redio huanza na wewe. Mtu wa makumbusho haanzi na wewe.

Wiki iliyofuata nilirudi mjini, nikakaa pembeni ya mlango wa chumba kile mchana mzima na daftari na saa ya simu. Niliwahesabu watu arobaini. Waliofika dakika ya sita walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa anasubiri mvua ipite. Wengi hawakumaliza dakika moja. Sikuwalaumu. Mgeni amekuja na mtembezaji ambaye ana vyumba vingine sita vya kuonesha kabla ya chakula cha mchana. Mwenyeji amekuja na watoto wanaomvuta nguo.

Wala si tabia ya kwetu tu. Mwaka 2001 watafiti wawili, Jeffrey Smith na Lisa Smith, walitoa matokeo ya kuwatazama watu wakisimama mbele ya picha mashuhuri katika Makumbusho ya Metropolitan ya New York. Wastani ulikuwa sekunde 27 kwa picha moja, na nusu ya watu hawakuzidi sekunde 17. Hizo ni picha zilizotulia ukutani, za wachoraji ambao watu wamepanda ndege kwenda kuwaona. Mimi nilikuwa nikiomba dakika saba kwa ajili ya makumbi.

Lakini daftari langu lilinionesha jambo jengine lililoniumiza zaidi. Video inayojirudia haina mlango mmoja. Ukiwa na dakika saba, anayeingia chumbani ana nafasi moja tu katika saba ya kuikuta dakika ya kwanza. Waliobaki wanaingilia katikati, na katikati yangu ilikuwa tope. Karibu nusu ya watu niliowahesabu walimuona shangazi yangu ameinama kwenye matope na hawakuona chochote chengine. Kwa macho yao huyo ndiye yeye wote. Yule mama aliyesema "masikini" hakuwa na ubaya. Alisoma nilichomuandikia.

Niliomba ruhusa ya kuiandika upya. Walikubali kwa sharti moja, kwamba hakuna pesa ya kupiga picha nyengine. Nitumie zile zile. Nikakaa nyumbani Tunguu, mezani jikoni, nikaanza.

Jambo la kwanza nililoandika lilikuwa swali: mtu akipita dakika moja tu, dakika yoyote, aondoke na nini? Nikajibu kwa vitu vitatu. Auone uso wake, si mgongo wake tu. Aione kamba iliyokwisha, ili ajue kazi hii inakwenda wapi. Na aipate sababu, yaani kamba ile imempa nini yeye na watu wake. Uso, kamba, sababu. Ikikosekana moja, dakika hiyo haijakamilika, hata ikiwa nzuri vipi.

Nikaivunja video vipande vitano vya dakika moja moja: kuzika, kufukua, kupiga, kusokota na kuuza. Kila kimoja kijitegemee, na kila kimoja kiwe na vile vitatu. Hapo nikagundua mtego. Mtu haingii pale kipande kinapoanza. Anaweza kuingia sekunde ya arobaini ya kufukua na kutoka sekunde ya arobaini ya kupiga. Ikiwa kipande cha kwanza kinaonesha uso mwanzoni, na cha pili kinauonesha mwishoni, anaweza kusimama dakika nzima na uso asiuone. Dawa yake ni nyepesi ukishaijua: vitu vitatu vikae kwa mpangilio ule ule na kwenye sekunde zile zile katika kila kipande. Uso unakuja mwanzoni mwa kila dakika, kamba baada ya nusu, sababu karibu na mwisho. Hapo mtu akikata dakika yoyote, hata iliyopita juu ya vipande viwili, ataokota uso mmoja, kamba moja na sababu moja.

Nitakuonesha kipande cha kufukua, kile kile kilichomfanya mtoto azibe pua. Zamani maandishi ya chini yake yalikuwa hivi: "Kisha anayafukua. Harufu yake ni kali." Sasa kipo hivi.

Sekunde 0 hadi 8: uso wa shangazi karibu, anacheka na mwenzake aliye nje ya picha. Hakuna maandishi.

Sekunde 8 hadi 16: yuko shimoni. Maandishi: "Mwanamke huyu wa Bwejuu anafukua makumbi ya nazi."

Sekunde 16 hadi 26: mikono inaondoa mawe, maji yanajaa. Hakuna maandishi.

Sekunde 26 hadi 36: makumbi yanatoka. Maandishi: "Aliyazika pwani miezi sita iliyopita ili yalainike."

Sekunde 36 hadi 46: bunda la kamba begani kwake. Maandishi: "Yatakuwa kamba kama hii."

Sekunde 46 hadi 56: anaosha makumbi kando ya shimo. Maandishi: "Shimo hili ni akiba yake. Limesomesha watoto wanne."

Sekunde 56 hadi 60: mikono tu, ndani ya maji, na tunaingia kipande cha kupiga.

Tope ni lile lile. Sikulificha, wala shangazi asingependa nilifiche, maana kulijua tope la kuzikia ni sehemu ya ufundi wake. Lakini sasa anayemuona topeni anajua kwamba yuko kwenye benki yake, anatoa pesa alizoweka miezi sita nyuma.

Maneno ndiyo yaliyonitesa. Kiswahili chetu kina tabia ya kumficha mtendaji ndani ya kitenzi. "Anayafukua" ni neno moja, na kwa aliyesikia mwanzo wa habari linatosha: yeye, makumbi, kufukua. Kwa aliyeingia sasa hivi ni fumbo. Nani? Anafukua nini? Nikaipitia skripti yote na kalamu nyekundu. Kila penye "ana-" na "-ya-" visivyokuwa na mwenyewe hapo hapo, nikarudisha jina. Nikafuta "kisha," "baadaye," "kama tulivyoona," na maneno yote yanayomwambia mtu kwamba amechelewa.

Lakini jina lile lile mara tano linamchosha mwenye subira anayetazama zote. Kwa hiyo nikambadilishia. Kwenye kufukua ni mwanamke wa Bwejuu. Kwenye kupiga ni mpiga makumbi. Kwenye kuuza ni mwenye kamba, kwa kuwa pale ndiye anayetaja bei. Kwenye kusokota niliandika "shangazi yangu," nikaogopa, nikafuta, nikarudisha. Katika kipande hicho ndipo nilipotaja pia mtepe, ile jahazi ya kale ya pwani yetu iliyoshonwa kwa kamba kama hizo bila msumari hata mmoja. Nilitaka anayeona vidole vyake ajue vinafanya kazi ambayo bila yake watu wasingevuka bahari.

Urefu wa sentensi niliupima kwa mdomo. Maandishi yanakaa kwenye kioo mpaka niyasome mara mbili kwa sauti, taratibu, kama ninayemsomea mtoto. Ikiwa sekunde kumi hazitoshi kusoma mara mbili, sentensi ni ndefu, ikatwe. Chini ya Kiswahili kuna tafsiri ya Kiingereza kwa wageni, kwa hiyo jicho lina mistari miwili ya kugombania. Kipande kizima hakikuzidi maneno thelathini. Nilipomsomea shangazi kwa simu, akasema, "Hayo ni maneno ya kanga." Nikacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Kanga inasomwa mgongoni kwa mtu anayekwenda zake. Isipoisha kusomeka kabla hajakata kona, aliyeiandika amepata hasara.

Nikaijaribu Tunguu kabla ya kuipeleka mjini. Barabarani kwetu hawakosekani wanafunzi wa vyuo vikuu viwili vilivyopo hapa wakisubiri gari. Nikawa natoka na simu, nafungua video popote bila kuangalia, namuonesha mtu dakika moja na kuizima. Namuuliza matatu tu: nani huyu, anafanya nini, kwa ajili ya nini? Ukitaka kujua kama video ya namna hii imefaulu, usiulize kama ni nzuri, maana watu wana heshima, watasema nzuri.

Kipande cha kupiga kilianguka. Kijana wa kwanza akasema, "Anatwanga." Wa pili naye vile vile, na wa tatu akaongeza kwamba anatwanga muhogo. Nilipoitazama tena nikaona wana haki. Gongo linapanda na kushuka, chini kuna kitu cheupe cheupe, na kwa aliyekulia kwenye kinu hilo ni jambo moja tu. Mimi nilijua ni usumba kwa sababu nilikuwepo. Nikamwambia mhariri aweke kwanza picha ya kumbi zima mkononi, likiwa bado na umbo la nazi, halafu gongo lishuke juu yake. Sekunde tano tu. Niliporudi barabarani watu wakaanza kusema "makumbi."

Kuna mambo mengine ambayo si ya kalamu lakini yanaweza kuivunja kalamu. La kwanza ni sauti. Video ya dakika tano hujirudia mara 12 kwa saa. Makumbusho yakifunguliwa saa nane, mhudumu anayekaa chumba kile ataisikia mara 96 kwa siku, na kesho tena. Katika video ya kwanza niliweka sauti yangu ikisimulia mwanzo hadi mwisho, na nilipokwenda kuhesabu watu nilikuta spika imepunguzwa hadi haisikiki. Nilikasirika, kisha nikakaa mle mchana mmoja, na kufikia alasiri ningeizima mwenyewe. Sasa hakuna msimulizi. Kuna maji, gongo, na kicheko cha shangazi mara moja, kwa sauti ya chini isiyofika chumba cha pili. Na habari yote imo kwenye picha na maandishi, ili hata spika ikizimwa asipotee mtu.

La pili ni kiungo, pale mwisho unapokutana na mwanzo. Majina yetu ya mwisho yalikuwa yakifukuza watu kama kengele ya kufunga. Mtu akiingia akikuta majina yanapanda, hudhani imekwisha, hutoka. Kioo kikiwa cheusi sekunde mbili tu, hugeuka. Tuliyatoa majina yote tukayaweka kwenye kibao kidogo ukutani, na jina la video pia likaenda huko. Kipande cha tano kinaishia kwenye mikono ya shangazi ikipokea nazi kutoka kwa jirani aliyemuuzia kamba, na cha kwanza kinaanzia hapo hapo, anazifua nazi hizo. Jambo hilo ni la kweli, kwake kamba na nazi hubadilishana mikono hivyo. Anayetazama haoni mshono.

La tatu ni umeme. Mashine ya kwanza ilikuwa ikikatikiwa na umeme hurudi kwenye orodha yake ya mafaili, na wageni wakitazama orodha hiyo mpaka apatikane mtu wa kubonyeza. Tulitafuta mashine inayojiwasha yenyewe umeme ukirudi na kuanza kucheza bila kuguswa, tukatia humo faili moja tu. Fundi alituambia jambo ambalo nimelishika: jaribu kwa kuchomoa waya, si kwa kubonyeza kitufe, kwa kuwa umeme haubonyezi kitufe.

Sasa niseme na lililopotea, maana sitaki mtu adhani dakika moja inatosha kila kitu.

Shangazi ana hadithi yake ya mwaka aliougua. Alikuwa amezika mashimo mawili, akalala kitandani miezi mingi, na aliponyanyuka akaenda pwani akiamini kwamba yameoza au yameibiwa. Alichokikuta, na nani alikuwa akiyalinda, na kwa nini mtu huyo hakusema hata siku moja, ni hadithi inayotaka kikao na chai, na inataka uwe umekaa nayo tangu mwanzo ili mwisho ukupate. Nilijaribu kuitia kwenye dakika moja mara nne. Mara zote ama ilikuwa fumbo kwa aliyeingilia katikati, ama ilibidi nitaje mwisho wake mapema na ikafa. Video inayojirudia haiwezi kubeba siri inayofichuliwa, maana nusu ya watu watakutana na jibu kabla ya swali. Niliitoa. Nimeirekodi yote kwa simu, dakika 32, na ipo kwetu, kwa ajili ya watoto wetu. Ndugu msomaji, ikiwa una mzee wa kumrekodi, zitenganishe kazi hizi mbili mapema. Hadithi ya nyumbani usiikate. Ya ukutani usiiache ndefu.

Video mpya ilipowekwa nilirudi mlangoni na daftari langu. Watu bado wanapita. Wengi bado hawamalizi dakika mbili, na sikutegemea vyengine. Lakini sikusikia tena "masikini." Nilimsikia baba mmoja akimwambia mwanawe, "Unaona? Huyu kasomesha watoto kwa kamba." Alikuwa amesimama pale, kwa saa yangu, sekunde hamsini na nne.

Shangazi alikuja mara ya pili mwezi uliofuata, alikuwa na miadi hospitali. Alitazama vipande viwili, kufukua na kupiga, halafu akakigeukia kioo kisogo na kuanza kuwatazama wanaotazama. Hakusema imekuwa nzuri. Alinong'ona tu, "Ehe, sasa wanaujua uso wangu." Kisha akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akamuuliza mhudumu, "Mwanangu, mtu mzima akitaka kuitazama yote akae wapi?"

Mhudumu aliondoka akarudi na benchi, akaliweka mkabala wa kioo, na mpaka leo liko hapo. Tangu liwekwe, wapo wanaokaa mpaka mikono ya mwisho inapokea nazi na mikono ya mwanzo inazifua, na wanabaki wakingoja waone pale walipoingilia. Katika miezi yote ya kuandika na kufuta, jambo hilo moja halikunijia. Shangazi aliliona mara ya pili tu aliyosimama pale, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma.